Kuchora ramani ya nyumba kwa haraka: sambaza kwanza, funga kona, kisha kata

Wanaojifunza kuchora ramani kwa AutoCAD wengi huizoea mapema amri ya TRIM, kisha huitumia kwa kila kitu. Kwa uzoefu wangu, kasi haitokani na kukata upesi bali na mpangilio wa kazi: OFFSET zote kwanza, FILLET kwenye kona, na TRIM mwishoni. Nitaeleza sababu kwa kutumia nyumba ndogo yenye urefu wa milimita 9000 na upana wa 7000 kwa vipimo vya nje, kuta za nje zikiwa na unene wa 200 na za ndani 150.

Chora mstatili wa nje kwa RECTANG, kisha usambaze kwa ndani kwa OFFSET ya 200. Kwa kuwa mstatili huo ni kitu kimoja, kona zote nne hujipanga zenyewe. Nafasi iliyobaki ndani ni 8600 kwa 6600. Hapo uvunje mstatili wa ndani kwa EXPLODE. Usipofanya hivyo, ukitaka kusambaza upande mmoja tu, mstatili wote utasambaa.

Chumba cha kushoto kina upana wa 3600. Sambaza mstari wa ndani wa kushoto kwa 3600, kisha mstari uliopatikana kwa 150, na ukuta umekamilika kwa sababu mistari yote miwili inarithi urefu wa 6600 na inafika pande zote mbili. Upande wa kulia inabaki 4850. Katika kona ya juu kulia tunataka bafu la 2400 kwa 1800: sambaza mstari wa kulia kwa 2400 na 150, na wa juu kwa 1800 na 150. Sasa skrini imejaa mistari inayokatizana nyumba nzima, na wengi huanza kukata papo hapo. Subiri, kwa maana OFFSET hunakili urefu wa mstari ulivyo, hivyo ukisambaza mstari ambao tayari umekatwa utapata kipande kifupi cha kurefusha baadaye.

Hapa ndipo FILLET inapookoa muda mwingi. Andika F, kisha R, na uweke nusukipenyo 0. Chagua mstari wa wima wa bafu ulio upande wa ndani, ukiubonyeza upande wa juu wa makutano, yaani sehemu unayotaka ibaki. Kisha mstari wa mlalo wa ndani, ukiubonyeza kulia kwa makutano. Mikia yote miwili iliyokuwa ikivuka nyumba hutoweka kwa pamoja na kona hufungwa. Rudia kwa jozi ya nje. Kwa TRIM ungelazimika kuondoa mikia hiyo kipande baada ya kipande, kwa sababu kila mstari unaoikatiza huigawa. FILLET pia hufunga kona ambayo mistari yake haijakutana, jambo ambalo TRIM peke yake haifanyi.

Kukitokea tao badala ya kona kali, nusukipenyo cha zamani bado kipo. Shikilia Shift unapochagua mstari wa pili na kitahesabiwa kuwa 0. Kona ikifungwa lakini mikia ikabaki, angalia TRIMMODE, ambayo inapaswa kuwa 1.

Makutano ya ukuta unaogota ukuta mwingine ndiyo kazi halisi ya TRIM, na hapo usitumie FILLET, kwani itakata ukuta unaopaswa kuendelea. Ondoa kipande cha 150 kilichobaki kati ya mistari miwili ya ukuta wa ndani, kila unapogusa ukuta wa nje. Kuanzia toleo la 2021 TRIM huchukua kila mstari kuwa mpaka wa kukatia, hivyo penye mistari mingi napendelea kuandika T na kuchagua mipaka mwenyewe.

EXTEND huhitajika zaidi ramani inapobadilika. Ukuta wa nyuma ukisogezwa nje kwa 1000, kuta zilizokuwa zikiugusa zitapungukiwa. Ukiwa bado ndani ya TRIM, shikilia Shift na ubonyeze mstari karibu na ncha inayotakiwa kurefuka. Ukibonyeza karibu na ncha nyingine, programu itajaribu kurefusha upande huo.

Kabla ya kuweka milango, pima kwa DIST: kati ya ukuta wa chumba cha kushoto na ukuta wa bafu pawe na 2300. Kisha jaribu kujaza kuta kwa HATCH. Ikikataa kwa kuwa mpaka haujafungwa, AutoCAD huonyesha miduara myekundu penye ncha zinazoweza kuwa na mwanya. Nenda hapo, na ikiwa ni kona, rudia FILLET ya 0.