Usifuate orodha, ifuate mahakama iliyosema mwisho

"Orodha yetu ya sheria ya katiba ina kesi nyingi mno na mtihani umebaki wiki tatu. Nimepanga kuanza ya kwanza nishuke hadi ya mwisho, kila hukumu nzima. Kikundi cha kujadiliana kinasaidia? Na noti niandike kwa mkono au kwenye kompyuta?"

Acha mpango huo leo. Usisubiri wiki ya pili, maana mimi niliufuata na ukanila swali zima la mtihani.

Kesi yenyewe ni ya Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Wote wawili walikuwa waandishi wa gazeti la Monitor. Walishtakiwa mwaka 1997 kwa kuchapisha habari za uongo, chini ya kifungu cha 50 cha Kanuni ya Adhabu, kwa sababu ya habari iliyodai kwamba Kabila wa Kongo ameilipa Uganda dhahabu. Wakaenda Mahakama ya Katiba kudai kifungu hicho kinakiuka uhuru wa kujieleza. Kwenye orodha yetu hukumu ya mahakama hiyo ndiyo ilitangulia, ya rufaa ikawekwa mbali huko chini. Nikaikomalia ile ya kwanza, aya kwa aya, kalamu mkononi. Waombaji walishindwa pale. Nikaingia kwenye mtihani nikaandika kwa ujasiri kwamba kifungu cha 50 ni halali.

Sasa fungua Rufaa ya Katiba Namba 2 ya 2002. Mwezi Februari 2004 Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu hicho. Yaani nilijaza kurasa nikitetea msimamo uliokwisha kutupwa!

Na hapa nina neno na yule wa mwaka wa juu aliyetuuzia fotokopi za muhtasari. Karatasi yake ilisema "Obbo: kifungu halali", basi. Haikutaja mahakama wala mwaka. Alichukua pesa za wenzake kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukisoma mpaka mwisho. Ukiona muhtasari usiotaja ngazi ya mahakama, usiupokee hata ukipewa bure.

Basi kanuni yangu ni hii moja: kwa kila kesi, tafuta kwanza mahakama ya juu kabisa iliyoigusa, na humo anza na amri zilizo mwishoni. Ingia ulii.org, andika jina la kesi, uangalie kama kuna rufaa. Kazi ya dakika chache tu. Ukishajua nani alishinda na kitu gani kilibatilishwa, kurasa zilizobaki zinasomeka upesi, kwa sababu unajua unatafuta nini.

Tuchukue hiyo hiyo ya Obbo. Hukumu ya kuongoza ni ya Jaji Mulenga. Ruka historia ya shauri, nenda anapofika Ibara ya 43, ile inayosema haki inaweza kuwekewa mpaka gani. Hapo punguza mwendo, soma kila sentensi. Anapima kifungu kwa maswali matatu: lengo la sheria ni zito kiasi cha kubana haki? Hatua zilizochukuliwa zinahusiana kweli na lengo hilo? Je, zinabana kupita inavyohitajika? Tena anakataa wazo kwamba kauli ikiwa ya uongo basi imepoteza ulinzi wa Katiba. Hayo ndiyo utakayoyatumia mtihani ukikuletea sheria ya kubuni inayobana magazeti au mikutano.

Majaji wengine, soma aya zao za kwanza na za mwisho. Anayesema amesoma rasimu ya mwenzake na anakubaliana naye, mpitie haraka uone kama ana sababu ya ziada, kisha songa mbele. Anayetofautiana, msome vizuri. Hukumu ya mahakama ya chini rudia mwishoni, ukichota hoja za upande ulioshindwa, kwa sababu mtahini hupenda kuuliza upande wa pili ungesema nini.

Ipo kesi ambayo kupitia juu juu hakutakusaidia, nayo ni Tinyefuza, ule uamuzi wa Mahakama ya Juu. Majaji waliandika kila mmoja kwa urefu na hawakuwa na kauli moja, kwa hiyo ukimsoma mmoja ukadhani umemaliza, utamnukuu aliyekuwa upande wa wachache. Hiyo itengee siku yake. Chora jedwali: majaji upande mmoja, hoja zinazobishaniwa juu, jaza ndiyo au hapana, kisha hesabu majibu chini ya kila hoja. Pale tu ndipo utajua mahakama iliamua nini kwa kila hoja.

Nitumie majina ya kesi tano za kwanza kwenye orodha yako, nikuambie zipi zina rufaa.