Wiki nane za kreatini: fuata daftari, achana na mizani

Ukianza kutumia kreatini, mizani ndiyo ya kwanza kukupotosha. Kreatini huvuta maji na kuyaingiza ndani ya misuli, kwa hiyo uzito unaweza kupanda kilo 1 au 2 kabla hujaongeza nyama yoyote. Kioo nacho hubadilika kwa mwanga tu, au kwa damu iliyojaa kwenye misuli baada ya mazoezi.

Kreatini husaidia msuli kurudisha haraka nguvu iliyotumika katika kazi fupi na nzito. Faida hiyo itafute kwenye seti za mwisho, pale uchovu unapoanza kukunyang'anya marudio.

Chagua mazoezi mawili tu ya kupimia, na uanze kuyaandika wiki mbili kabla ya dozi ya kwanza. Bila kumbukumbu hiyo, namba za baadaye hazina cha kulinganishwa nacho. Kila mara andika uzito wa chuma, marudio ya kila seti, dakika za kupumzika, na marudio mangapi ungeweza kuongeza ulipoacha. Pembeni weka alama ya vema kila siku uliyokunywa gramu zako 3 hadi 5. Kwa dozi hiyo misuli huchukua kama wiki 3 hadi 4 kujaa, kwa hiyo usitoe hukumu wiki ya pili.

Tuseme mtu anasukuma kilo 60 akiwa amelala kwenye benchi, seti tatu, akipumzika dakika 3. Kabla ya kreatini anapata 8, 6, 5, jumla 19. Wiki ya sita, kwa chuma kilekile, anapata 9, 8, 7, jumla 24. Seti ya kwanza imeongezeka rudio moja tu, lakini ya pili na ya tatu zimeongezeka mawili mawili. Hapo ndipo pa kuangalia: anaporomoka kidogo kuliko zamani.

Kinachoharibu kipimo hiki zaidi ni mapumziko. Simu ikikuchelewesha ukapumzika dakika 5 badala ya 3, utapata marudio ya ziada ambayo kreatini haihusiki nayo. Tumia saa. Chuma nacho kiguse kifua kila rudio, la sivyo usilihesabu. Na usibadilishe mpangilio wa mazoezi katikati ya wiki hizo.

Anayeanza mazoezi ataona namba zikipanda hata bila kreatini, na daftari haliwezi kutenganisha hayo mawili. Linasema wazi zaidi kwa mtu ambaye namba zake zilikuwa zimeganda kwa miezi.

Wiki ya nane ikifika bila mabadiliko, hesabu kwanza alama za vema. Zikiwa zimejaa, huenda misuli yako ilikuwa na kreatini ya kutosha tangu mwanzo, jambo linalowatokea baadhi ya watu, na kuongeza dozi hakutasaidia. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuanza.