Shahada ya lishe pekee haikufikishi wodini: anza na rejista

Idarani kwetu, maombi ya kazi yanayowekwa kando kabla ya mengine si ya watu wasiojua lishe. Mara nyingi ni ya vijana wenye shahada nzuri kabisa ya sayansi ya lishe, wengine hata wana shahada ya uzamili, ila tangazo liliomba mtaalamu wa lishe tiba aliyesajiliwa na wao hawamo kwenye rejista hiyo. Mimi ni mtaalamu wa lishe tiba hospitalini, na kwa kuwa huitwa kwenye usaili, swali hili hunijia kila mara: nikiwa na shahada ya lishe, kwa nini siruhusiwi kufanya kazi yako?

Chukua mgonjwa mmoja wa kawaida tu. Ana kilo 48, na kwa zaidi ya siku kumi hajatia chochote cha maana tumboni. Daktari anataka alishwe kwa mrija leo hii. Aliyesoma lishe bila kukanyaga wodi ataona mtu mwenye njaa na kutaka kumpa mahitaji yake yote mara moja. Hapo ndipo pa hatari. Mwili uliokaa na njaa ukipata wanga ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Madini hayo yakishuka sana, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya kawaida na mgonjwa akafa akiwa analishwa. Kwa mgonjwa wa aina hii, mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema uanze na kisichozidi kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 480 kwa huyu wetu. Vitamini B1 atapewa kabla ya chakula kuanza, damu itapimwa mara kwa mara, na kiwango kitapandishwa taratibu kwa siku kadhaa. Uamuzi huo unaandikwa kwenye faili la mgonjwa na jina lako chini yake. Likitokea la kutokea, lazima pawepo chombo kinachoweza kukuita, kukuhoji na kukuondoa kazini. Usajili wa kitaaluma upo kwa ajili hiyo.

Sasa tuje kwenye vyeo vyenyewe. Nitatumia Uingereza kwa kuwa ndiko mpaka ulikochorwa waziwazi. Cheo cha mtaalamu wa lishe tiba, dietitian kwa Kiingereza, kinalindwa na sheria: bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma kadhaa za afya, kujiita hivyo ni kosa la jinai. Cheo cha mtaalamu wa lishe, yaani nutritionist, hakilindwi. Mtu aliyehudhuria kozi ya wiki mbili mtandaoni anaweza kukibandika mlangoni kwake na asivunje sheria. Ndiyo maana wasomi wa kweli wa fani hiyo hujiandikisha kwa hiari katika rejista ya AfN, chama cha wataalamu wa lishe, na kuandika herufi RNutr baada ya jina. Hiyo ni rejista ya heshima. Inamfaa mtu wa afya ya jamii, utafiti, sera au viwanda vya chakula. Lakini haimpi mtu nafasi ya kumtibu mgonjwa wodini kama mtaalamu wa lishe tiba, hata awe na uzoefu wa miaka mingi.

Binti mmoja niliyewahi kumsimamia alikwama hapo hapo. Alikuwa na shahada ya kwanza ya lishe na jina lake lilikuwamo AfN. Chuo chake kilikuwa kimetangaza kwamba kozi imeidhinishwa, na kweli ilikuwa imeidhinishwa, ila na AfN. HCPC haikuhusika hata kidogo. Matangazo ya vyuo hulitumia sana neno hilo bila kusema nani kaidhinisha, nami nadhani wanajua wanachofanya. Usiishie kwenye ukurasa wa chuo. Ingia kwenye tovuti ya HCPC, fungua orodha ya kozi zilizoidhinishwa, utafute jina la kozi yako pamoja na mwaka unaoanza. Usipoiona, ukimaliza masomo hutaweza kuomba usajili kwa njia ya kawaida.

Kwake yeye hapakuwa na mkato. Hakuna mtihani mmoja wa kumtoa AfN na kumwingiza HCPC, wala barua ya mwajiri haisaidii. Alichohitaji ni kozi ya uzamili inayoandaa watu kwa usajili, ambayo kwa kawaida huchukua kama miaka miwili na ndani yake mna miezi ya mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kabla ya kumpokea, vyuo vilikagua kama shahada yake ya kwanza ilikuwa na fiziolojia na baiokemia ya kutosha. Wengi wenye shahada za lishe zilizoegemea michezo au biashara ya chakula huangukia hapo. Alipokuwa akisubiri, alifanya kazi kama msaidizi wa lishe tiba, nafasi isiyohitaji usajili wa HCPC: kupima uzito, kufuatilia nani amekula nini, kupeleka taarifa kwa aliyesajiliwa. Mshahara mdogo, lakini kwenye usaili wa chuo alizungumza kama mtu anayeijua wodi.

Ukivuka mpaka wa nchi, usibebe majibu haya kama yalivyo. Marekani, waajiri wa hospitali hutafuta herufi RD au RDN, yaani mtaalamu wa lishe tiba aliyesajiliwa, zinazotolewa na CDR, tume ya usajili wa taaluma hiyo, na tangu tarehe 1 Januari 2024 huwezi kukalia mtihani wao bila shahada ya uzamili. Mtego wa huko ni kwamba baadhi ya kozi zilizoidhinishwa hutoa nadharia tu. Saa za mazoezi chini ya usimamizi, zisizopungua 1,000, unazitafuta mwenyewe baadaye, na nafasi hugombaniwa. Juu ya hayo, majimbo mengi yana leseni yao. Australia hakuna sheria inayolinda cheo chochote kati ya hivi viwili, lakini bila APD, hati inayotolewa na chama cha wataalamu wa lishe tiba, hospitali hazikupokei. Afrika Kusini, baraza la taaluma za afya, HPCSA, husajili makundi yote mawili, kila moja na wigo wake wa kazi. Kenya, sheria ya mwaka 2007 iliyaweka yote chini ya KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe na lishe tiba. Brazili ndiyo huwachanganya wageni kabisa: anayemtibu mgonjwa hospitalini ni yule anayeitwa mtaalamu wa lishe, na cheo hicho ndicho kinacholindwa.

Kama umesoma nchi moja na unataka kufanya kazi katika nchi nyingine, anza kukusanya karatasi ukiwa bado chuoni. Wakaguzi hawatosheki na matokeo yako ya mitihani. Wanataka muhtasari wa kila somo, na hasa saa zako za vitendo zikiwa zimegawanywa: wodi gani, wagonjwa wa aina gani, saa ngapi, nani alisaini. Mstari mmoja unaosema ulifanya mazoezi ya miezi sita hospitalini haumsaidii mkaguzi kujua kama uliwahi kumwona mgonjwa wa figo au ulikaa jikoni muda wote. Msimamizi akishahama, kupata saini yake ni kazi nyingine, kwa hiyo asaini kabla hujaondoka kituoni.

Na ukisoma tangazo la kazi, ruka cheo kilichoandikwa juu kwa herufi kubwa. Teremka hadi kwenye sifa za lazima, utafute jina la rejista. Kliniki binafsi hasa hupenda kuandika cheo chochote kinachovutia wateja. Wasipotaja rejista yoyote, waulize kabla ya kutuma maombi: nitasimamiwa na nani kitaaluma, na nikikosea, bima ya nani itanibeba?