Tangazo la kibodi katika intaneti kafe: liandikweje, na ripoti ya mteja itumikeje

Swali: Nina intaneti kafe yenye kompyuta 10 za mezani. Nimebandika "USILE HAPA" lakini chipsi na soda haziishi mezani, na kitufe kikiharibika wateja wananyamaza. Niandike nini?

Jibu: Wananyamaza kwa sababu wanahofia kulipishwa. Waondolee hofu hiyo kwenye karatasi yenyewe, na uibandike kwenye fremu ya kila skrini, kwani ya ukutani haisomwi:

*KOMPYUTA NAMBA 6. Ndugu mteja, chakula na vinywaji viache meza ya mlangoni. Kikimwagika kitu, usiendelee kubonyeza; mwite mhudumu hapo hapo. Kitufe kikigoma, kikinata au kikirudia herufi, tuambie ni kipi. Kuripoti hakuna malipo. Utahamia mashine nyingine na dakika zako zitafidiwa.*

Meza ya mlangoni iwepo kweli, la sivyo tangazo halina maana.

Namba ya mashine na jina la kitufe ndivyo vitakavyokuonyesha ubovu ulipo. Kabla ya kufungua chochote, fungua Notepad na ubonyeze vitufe vyote. Kama kibodi nzima inapuuza miguso ya haraka, huenda mteja ameshikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8 na kuwasha Filter Keys. Izime, kibodi ni nzima. Mteja akisema @ inatoa alama za kunukuu, angalia mpangilio wa kibodi: wa Uingereza na wa Marekani hubadilishana nafasi za alama hizo.

Kitufe kimoja kikigoma, mara nyingi ni makombo. Zima kompyuta, bandua kofia ya kitufe taratibu, safisha kwa brashi kavu.

Vikigoma kadhaa kwa pamoja, shuku soda. Ndani ya kibodi nyingi za bei nafuu mna karatasi za plastiki zenye njia nyembamba za umeme, na njia moja huhudumia vitufe kadhaa. Soda ikiingia, sukari hunatisha vitufe, na unyevu hula njia hizo polepole. Ndiyo maana kibodi inaweza kufanya kazi leo na kufa kesho kutwa, wakati aliyemwaga ameshasahaulika.

Ukiitwa mapema, chomoa kibodi (ile ya plagi ya duara, zima kompyuta kwanza), igeuze kifudifudi, iache ichuruzike. Kisha fungua skrubu zote. Moja hupenda kujificha chini ya stika. Toa karatasi, zifute kwa kitambaa chenye maji safi, zianike kivulini hadi zikauke kabisa. Usitumie thina wala hewa ya moto, plastiki itajikunja. Ukiona njia imekuwa nyeusi au imekatika, usipoteze muda: nunua kibodi nyingine.

Hatua hizi si za kompyuta mpakato. Huko kibodi iko juu ya bodi kuu, kwa hiyo kikimwagika kitu, zima, chomoa chaja, mpelekee fundi.