Umetua Doha juzi? Anza kupiga hesabu ya kurudi sasa hivi

Kaka zangu na dada zangu mlioingia Qatar juzi juzi, walinzi, madereva, watu wa usafi, mimi nimeshamaliza yangu huko na sasa niko Kilifi, na nimeona wengi wakirudi. Wengi wao wana nyumba nzuri na hawana kitu cha kuwaingizia pesa. Mwezi wa tatu baada ya kutua wanauza kiti, mwezi wa sita wanatafuta ajenti wawarudishe Ghuba. Nyumba haikulishi, ndio maana nataka tuongee hesabu kabla hujaanza kutuma pesa ya mawe.

Lengo lako ligawe mafungu matatu na kila fungu liwe na bei yake. Nyumba, kazi utakayofanya ukirudi, na pesa ya kula wakati hio kazi haijaanza kulipa. Watu huwa wanahesabu la kwanza peke yake, la pili wanalikadiria kwa mdomo tu, la tatu hawalijui kabisa. Na lengo liandike kwa shilingi, si kwa riyali, manake saruji ya Mariakani huinunui kwa riyali. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, 3.64 kwa dola moja, kwa hivyo shilingi ikipanda au ikishuka kwa dola na wewe unayumba nayo. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, riyali moja ikakupa kama 44. Miezi michache baadae dola ikashuka hadi 130 hivi, riyali ikawa 36. Mtu aliekuwa anatafuta milioni moja na nusu alihitaji riyali elfu 34 na kidogo, ghafla akahitaji karibu elfu 42, na kazi ni ile ile, mshahara ni ule ule. Hio ni miezi minane zaidi kwa mtu anayeweka riyali 900. Kwa hivyo piga hesabu kwa bei ya chini, mimi natumia 35, ikipanda ni bahati yako.

Sasa niwape mfano wa jamaa mmoja wa Kaloleni tuliekuwa nae kambi moja, kwa sababu yeye hesabu yake ilikaa sawa. Alikuwa mlinzi, na ovataimu alikuwa anashika kama riyali 1,800, kulala ni juu ya kampuni. Chakula 350, simu 50, nyumbani kwa mama na watoto 400, hio 400 ilikuwa haibadiliki, mtu akipiga simu ana shida anaambiwa subiri mwezi ujao itoke kwenye hio hio. Inabaki 1,000, anaweka 900, ile mia ni ya viatu na dharura. 900 kwa 35 ni shilingi 31,500 kwa mwezi. Lengo lake lilikuwa 1,500,000. Nyumba 900,000, kuku wa mayai 350,000, pesa ya kula 250,000, yaani miezi kumi ya 25,000. Ukigawanya unapata miezi 48, miaka minne. Alipoona hio namba aliacha kuwaambia watu kwao kwamba anarudi mwaka ujao.

Kwa nini kuku 350,000 na watu wengi wanasema laki mbili na nusu inatosha? Hapa ndipo nataka mkae kidogo. Yeye alitaka kuku 300. Banda tuseme 150,000, vifaranga wa siku moja kwa 130 ni 39,000, vyombo na tangi la maji 35,000, chanjo na makaa ya kuwapasha joto 20,000. Hapo ndipo wengi wanasimama. Lakini kuku wa mayai haanzi kutaga mpaka afike wiki ya 18 mpaka 20, na muda wote huo anakula, kila mmoja kama kilo 7 kabla hujaona yai la kwanza. 300 mara 7 ni kilo 2,100, magunia 30 ya kilo 70, na gunia tukisema 3,500 hio ni 105,000 ya chakula tupu bila hata yai moja. Mtu ambaye hakuihesabu anafika wiki ya kumi na mbili pesa imeisha, anaanza kuwapunguzia chakula, kuku wanachelewa kutaga na wakitaga mayai ni madogo, kisha anasema biashara ya kuku ni mbaya. Ukitaka kujua kama kundi lina njaa wapime, chukua kuku kumi kila wiki uweke kwenye mizani ulinganishe na karatasi ya uzito inayotolewa na wanaouza vifaranga.

Wakianza kutaga vizuri, kuku 300 wakiwa kwenye asilimia 80 ni mayai 240, trei 8. Wanakula nusu gunia kwa siku, 1,750. Trei ikienda 330 unapata 2,640, kwa hivyo kwa siku inabaki kama 890, kwa mwezi elfu 26 na kitu. Usifurahie bado, toa dawa, stima, vifo, na toa akiba ya kundi linalofuata, manake ikifika kama mwaka na nusu tangu wawe vifaranga utagaji unashuka mpaka chakula kinawashinda. Ukiwauza wakiwa wamechoka pesa yao haitoshi kuleta wengine na kuwalisha mpaka watage, kunabaki pengo la kama elfu 50, hilo lijaze pole pole kila mwezi. Ukitoa yote hayo unabaki na elfu 18 hadi 20. Familia yake inakula 25,000. Kwa hivyo kuku peke yao hawatoshi, na yeye alijua hilo akiwa bado Doha kwenye kitanda cha juu na kalamu mkononi. Mama yake ana minazi, inaangushwa kila baada ya miezi mitatu hivi, hio ndio ilikuwa inajaza pengo. Kama wewe huna minazi basi tafuta kitu cha kujaza au upange kuku 400, lakini jua sasa.

Kuhusu nyumba sitasema mengi. La kwanza ni ardhi. Huku kwetu pwani watu wanajenga kwenye shamba la babu ambalo hati bado iko kwa jina la marehemu, au hakuna hati kabisa. Kukaa kikao mbele ya chifu na kuandika karatasi ni vizuri kwa amani ya familia, lakini karatasi hio si hati. Kama mwenye jina amefariki mirathi ifanywe kwanza mahakamani, kisha sehemu yako ipimwe na ikatwe, na kama ni shamba mpate idhini ya bodi ya ardhi. Inachukua muda mrefu, ndio maana ianze mwaka wa kwanza wakati pesa bado ni kidogo. Ukinunua ploti ya mtu fanya sachi mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi, usiridhike na kopi uliotumiwa kwa WhatsApp.

La pili jenga kwa hatua ambazo nyumba inaweza kusimama ikakungoja. Msingi na slabu, simama. Kuta mpaka lenta na paa hapo hapo kwa mpigo mmoja, usiziache kuta wazi masika yakupite juu yake. Kwa hivyo pesa ya kuta usiitume mpaka pesa ya paa iko tayari. Mabati na nondo unaweza kununua mapema ukaweka pakavu, saruji usinunue mapema, ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu wa huku inaanza kuganda na fundi ataitumia hivyo hivyo. Ile 900,000 ya jamaa ilikuwa ni vyumba viwili, paa, milango, madirisha, sakafu ya saruji, choo na maji. Plasta ya nje na rangi aliacha, na alilala ndani bila shida yoyote.

Pesa yenyewe ikae kwa jina lako. Si kwa kaka, si kwa mke, hata kama unawaamini, manake mtu mwenye pesa ya mwingine kwenye simu yake mtoto akiugua atatumia na wewe ungetumia. Pesa ambayo hutajenga nayo mwaka huu ikopeshe serikali kwa muda mfupi, kwenye zile Treasury bills. Benki Kuu ya Kenya ina DhowCSD, mtandao wa kuzinunulia, akaunti unafungua kwa simu ukiwa Doha, bora uwe na akaunti ya benki Kenya na PIN ya KRA. Za siku 91, 182 na 364 zinatosha, riba inakatwa kodi asilimia 15 na iliyobaki ni yako. Faida kubwa naiona ni kwamba ukipigiwa simu usiku ukaombwa pesa, kweli huna, imefungwa mpaka tarehe fulani.

Kiinua mgongo usikiweke kwenye lengo. Sheria ya Qatar inakupa angalau wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, wa msingi, ovataimu haimo. Kama msingi wako ni 1,200 hio ni 840 kwa mwaka, miaka minne ni 3,360, kama shilingi 117,000. Hio iwe mto wa kuangukia, kundi likipigwa na kideri au bei ya chakula ikiruka uwe na pa kushika.

Sasa mwaka wa mwisho usijenge tena. Jamaa yule mwaka wa tatu alimpa dada yake kuku 50 kwanza awalee, akamwambia aandike kila siku mayai na chakula kwenye daftari, apige picha amtumie. Aliona mambo mawili, kwamba dada ana mkono mzuri, na kwamba wiki za kwanza ndizo zinazoua vifaranga, baridi usiku na maji machafu. Kwa hivyo likizo yake ya mwisho aliilimbikiza ikawa mwezi, na vifaranga 300 wakafika siku ya tatu baada ya yeye kutua. Alilala karibu na banda, joto wiki ya kwanza nyuzi 33 mpaka 35, akipunguza kama tatu kila wiki, chanjo za kideri na gamboro akaanza mwenyewe kwa tarehe zake. Walipoota manyoya akawaachia dada akarudi Doha.

Miezi minne iliyobaki alinunua chakula kila mwezi kutoka mshahara, kwa hivyo ile 105,000 ya chakula nyingi yake hakuigusa kwenye akiba. Notisi aliandika miezi miwili kabla, ndivyo sheria inavyotaka ukishapita miaka miwili kazini. Alitua Mombasa kuku wakiwa wiki ya 21, wameshaanza kutaga, na ile 250,000 ya kula iko mzima kwenye akaunti.