Ukikuta x2 kwenye daftari la kwaya, usiichape kwanza

Wanaoanza kuchapa nyimbo za kwaya huhofia maneno yaliyofifia. Hayo mimi siyahofii, kwa kuwa neno usiloliona unajua hujaliona, na utamuuliza mwalimu. Kinachoharibu nakala ni vialama vya pembeni: x2, mabano, nukta mbili, "rudia K". Unavichapa kama ulivyovikuta, ukurasa unapendeza, halafu wimbo unavunjika mdomoni mwa waimbaji.

Wimbo ulionifundisha hili ulikuwa wa matoleo ya mavuno. Ulikuwa na kiitikio cha mistari mitatu, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu:

Njoni na mavuno, njoni
Tumpelekee Bwana mahindi na mpunga
Mikono yetu isirudi mitupu x2

Nikachapa hivyohivyo, nikatoa nakala 40. Kwenye mazoezi soprano wakarudia mstari wa tatu peke yake, besi wakarudi "Njoni". Kila upande ulikuwa umesoma sawasawa kilichokuwa kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba x2 mwishoni mwa mstari haisemi inaanzia wapi. Daftarini kulikuwa na kistari kilichopinda kutoka kwenye hiyo x2 kwenda juu, lakini kilipotelea kwenye mkunjo wa karatasi, nami sikukifuatilia.

Jibu lilikuwepo kwenye nota, ukurasa uleule. Juu ya neno "mitupu" mtunzi alikuwa amechora vijumba viwili, kimoja kina namba 1, kingine namba 2. Kwenye kijumba cha kwanza sauti ya juu iliishia kwenye s, ikaning'inia. Kwenye cha pili ilitua kwenye d. Vijumba vya namna hiyo maana yake ni kwamba mara ya kwanza unaimba cha kwanza kisha unarudi nyuma, na mara ya pili unakiruka na kuingia cha pili. Unarudi mpaka wapi? Mpaka kwenye alama ya kufungulia marudio, na kama haipo, unarudi mwanzo wa sehemu hiyo. Pale haikuwepo. Kwa hiyo x2 ilikuwa ya kiitikio kizima, na besi ndio waliokuwa sahihi.

Uwe mwangalifu na tonik solfa hasa. Kwenye uandishi huo nukta mbili hutenganisha mapigo na mstari wa wima hutenganisha vipimo, kwa hiyo |: na :| zinaweza kukaa katikati ya nota za kawaida bila kurudia chochote. Tafuta vitu vingine: mistari miwili ya wima iliyokolezwa, D.C. inayorudisha mwanzo, D.S. inayorudisha kwenye alama fulani, na Fine panapoishia wimbo. Usipoviona, mwimbishe mwalimu wako, au pata rekodi, ukifuata kwa kidole.

Ndiyo maana siku hizi hatua yangu ya kwanza ni kuunyoosha wimbo. Nauandika wote kama unavyoimbwa, mstari baada ya mstari, marudio yote yakiwemo, bila alama hata moja. Unakuwa mrefu, haidhuru, kwa sababu hiyo si nakala ya kugawa. Ni ya kujihakikishia kwamba nimeuelewa. Baada ya hapo ndipo naanza kukunja: palipojirudia neno kwa neno naweka alama, palipobadilika hata silabi moja naacha kirefu.

Ubeti wa kwanza wa wimbo uleule ulikuwa hivi: "Mvua ulitupa, shamba likajaa x2", na juu ya "shamba" kimeandikwa kwa herufi ndogo "ghala". Ukichapa "shamba/ghala likajaa x2" umeokoa mstari mmoja, lakini mwimbaji anayesoma huku anaimba hana nafasi ya kuamua ni neno lipi la mara ya kwanza. Andika yote miwili:

Mvua ulitupa, shamba likajaa
Mvua ulitupa, ghala likajaa

Kiitikio kile, kwa kuwa hakibadiliki, kilikunjwa kwa mabano yenye mwanzo na mwisho:

{ Njoni na mavuno, njoni
Tumpelekee Bwana mahindi na mpunga
Mikono yetu isirudi mitupu } x2

Bano la kufungulia ndilo lenye kazi. Hata kama mtunzi hakuliweka, liweke. Na x2 iwe na maana moja tu kwenye karatasi zako zote: jumla ya mara mbili. "Rudia mara 2" naikwepa kabisa, kwa kuwa wengine wataimba mara moja na kurudia mbili, zikawa tatu. Kadhalika "K" baada ya beti haijitoshelezi. Wapo walimu wanaotaka kiitikio mara mbili mwanzoni na mara moja tu kila baada ya ubeti. Ukilijua hilo, andika "Kiitikio (mara 1)".

Baada ya hapo inabaki kujua nani ataishika nakala. Mwanakwaya mwenye karatasi mkononi anaweza kurusha jicho juu akaona kiitikio, kwa hiyo kukiandika mara moja kunatosha, ila kama beti zimevuka ukurasa wa pili, kiandike tena huko. Waumini wanaosoma ukutani kupitia projekta hawawezi kurudi nyuma, kilichopita kimepita. Kwao kiitikio lazima kionekane kila kinapoimbwa. Hilo halimaanishi ukichape mara tano. Kwenye programu ya OpenLP, kwa mfano, unachapa kila sehemu mara moja, kisha kwenye nafasi ya Verse Order unaandika mpangilio:

```
C1 C1 V1 C1 V2 C1
```

C1 ni kiitikio, V1 na V2 ni beti. Hapo x2 ya mwanzo imegeuka kuwa C1 mbili, kwa hiyo iondoe kwenye maneno, la sivyo kuna watakaoimba mara nne.

Kuhusu D.C. na D.S., msimamo wangu ni mmoja: zibaki pale tu nota zinapokuwepo. Kwenye karatasi ya maneno matupu, D.S. inamrudisha mtu kwenye alama ambayo haipo. Nyoosha sehemu hiyo.

Nakala ya kuhifadhi ni jambo jingine. Hiyo inafuata mwandiko, alama zote zikiwa pale mtunzi alipoziweka, na maelezo yangu chini, mbali na maneno yake. Siku moja mtu atataka kujua yeye mwenyewe aliandika nini, si mimi nilielewa nini.

Kuna mtego mmoja wa kompyuta. Ukichapa :| kwenye Word, inaweza kugeuka kikatuni cha uso, nawe usione mpaka karatasi zitoke kwenye printa. Bonyeza Ctrl+Z papo hapo, au ifute moja kwa moja kwenye AutoCorrect Options. Zipo pia herufi maalumu za alama za muziki, lakini kwenye simu nyingi hutokea kama vibox vitupu kwa kukosa fonti. Mabano na x2 hufika salama kila mahali.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, toa moja. Mpe mtu asiyeujua wimbo, mwambie afuate kwa kidole wakati wewe unaimba kutoka daftarini. Usimwelekeze. Kidole kikisita au kikienda mstari usiofaa, weka alama hapo kwa penseli, kaa tena kwenye kompyuta, na sehemu hiyo iandike kirefu.