Maswali na majibu: devi ya zabuni isiyokubaliana na yenyewe

Kaka, tumegundua baada ya kuweka ofa: mstari wa vyuma una kilo 2 400, bei ya kilo ni dola 1,60, lakini jumla tuliandika 4 560. Watashika ipi? (Katuba)

Zidisha mwenyewe: 1,60 inatoa 3 840. Hiyo 4 560 inatoka kwa 1,90, na nadhani ndiyo bei mliyotaka. Kwenye dosiye zinazofuata mtindo wa Benki ya Dunia, bei ya kimoja ndiyo inayoshika, jumla inasahihishwa. Mmepoteza dola 720. Mkikataa masahihisho, ofa inatupwa na dhamana yenu inaweza kwenda nayo.

Kinachouma zaidi kinakuja kwenye chantie. Mkataba ukiwa wa kulipa kwa vipimo, kilo zikifika 3 000 mtalipwa zote kwa 1,60, na hasara inakuwa 900.

Afueni ipo moja: kama kosa ni koma iliyokaa pabaya waziwazi, tuseme 0,19 mahali pa 1,90, hapo jumla ya mstari ndiyo inashika na bei inarekebishwa. Yenu si koma.

Mzee, Ekseli inanipa 10 370,64 kwa karo, kalkileta inanipa 10 374. Nani mwongo? (Kamalondo)

Hakuna mwongo. Kwa mita 840 za mraba, kioo kinaonyesha bei ya 12,35 lakini ndani ya seli kuna 12,346. Msahihishaji anasoma karatasi, haoni kilichojificha. Kata desimali kwenye bei yenyewe, kabla haijazidishwa kwa mita. Tuseme B7 ni gharama yako na 1,25 ni kiongezeo chako:

```
=ARRONDI(B7*1,25;2)
```

Kupunguza desimali kwa kitufe cha juu kunabadilisha sura tu.

Muhtasari naukagua vipi bila kurudia kila kitu? (Kampemba)

Jumlisha mistari yote ya devi kwa safu moja ukiruka jumla ndogo, halafu linganisha na muhtasari kabla ya TVA. Mfano: mistari inatoa 31 480, muhtasari 29 630. Tofauti ni 1 850, basi tafuta mstari wenye 1 850 kamili. Ukiukuta, mara nyingi ni mstari uliochomekwa mwishoni, nje ya mabano ya `SOMME`. Tofauti ikigawanyika kwa 9, kama 90 kati ya 3 780 na 3 870, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Ndipo uweke TVA ya 16%: 5 036,80, jumla 36 516,80. Namba hiyo hiyo iende kwenye barua ya ofa, kwa tarakimu na kwa maneno. Mimi niliwahi kusahihisha devi usiku nikaiacha barua na namba ya jana.

Mstari usio na bei? (Katuba tena)

Utahesabiwa umo ndani ya bei zako nyingine. Utaifanya hiyo kazi, hutalipwa.